Sala ya herufi: IMANI

Kitabu cha Maombolezo kinalilia mji ulioangamizwa. Sura ya 1 ina aya 22, kila moja ikianza na herufi yake ya Kiebrania kwa mpango. Hivyo kilio kilipata njia. Nasi hapa Katunguru tuliandika IMANI kwenda chini, kila herufi ikaanza mstari:

Ingawa shamba niliacha,
Mungu, wewe hukuniacha;
Asubuhi nikikuita
Najua unanisikia,
Ijapo kesho sijaona.

Mwanzoni mstari wa mwisho ulikuwa "Imani ni kitu kizuri." Tuliufuta, kwa kuwa ulijaza herufi tu, haukuomba. Msomee mtu asiyeziona herufi. Asiposikia sala, badilisha mstari. Amina.