Kosa la Wadonatisti

Wanafunzi wengi wa historia ya Kanisa wakifika kwa Wadonatisti wa Afrika ya Kaskazini huandika neno moja tu, wazushi, kisha hupita. Naamini hapo wanawadhulumu marehemu. Mtu akihukumiwa kwa kosa asilolitenda ameonewa, hata kama ana kosa jingine kubwa. Mzushi ni Mkristo anayeshikilia kwa ukaidi fundisho linalopinga imani ya Kanisa, kama Ario aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, akahukumiwa na mtaguso wa Nikea mwaka 325. Mfarakani anaweza kuikiri imani yote bila kupunguza neno, lakini amevunja ushirika na askofu halali na waamini wenzake. Aliyekana imani ameuacha Ukristo wenyewe. Katika Karthago ya karne ya 4 makosa hayo matatu yaliishi jirani sana.

Februari 303, Kaisari Diokletiano aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko Matakatifu yateketezwe. Baadhi ya makasisi walivitoa vitabu kwa mikono yao wenyewe. Je, walikuwa wameikana imani? Hapa tusifanye haraka. Aliyefukiza ubani mbele ya sanamu za miungu alitangaza kwa tendo hilo kwamba amemwacha Kristo. Aliyetoa kitabu kwa hofu ya kifo alitenda dhambi nzito, ila hakutamka kwamba Kristo si Bwana. Mensurio, askofu wa Karthago, alieleza kwamba aliyaficha Maandiko na kuwaachia askari vitabu vya wazushi. Kwa Wakristo wenye msimamo mkali, hata huo ulikuwa udhaifu usiovumilika.

Mensurio alipofariki, shemasi wake Sesiliano aliwekwa wakfu kuwa askofu, na mmoja wa waliomwekea mikono alikuwa Feliksi wa Aptunga. Maaskofu wapatao 70 wa Numidia wakakusanyika, wakadai kwamba Feliksi alitoa Maandiko wakati wa dhuluma, kwa hiyo mikono yake haikuweza kumpa mtu uaskofu. Wakamchagua Majorino, na baada yake Donato, ambaye kundi lote likaitwa kwa jina lake. Kesi ilisikilizwa Roma mwaka 313 na Arle mwaka 314, na kote Sesiliano alipewa haki. Uchunguzi ukaonyesha pia kwamba barua iliyotumiwa kumshtaki Feliksi ilikuwa imeongezwa maneno, na aliyeyaongeza, Ingentio, akakiri.

Tuangalie basi walichogombania. Hawakugombania Utatu wala umwilisho. Pande zote mbili zilisoma Maandiko yaleyale na kukiri imani ileile. Waliulizana nani ni askofu halali wa Karthago, na je, Feliksi alitoa vitabu au hakutoa. Huo ni mfarakano.

Ila mfarakano hutafuta sababu ya kuendelea kuwapo. Ili kutetea kujitenga kwao, Wadonatisti walisisitiza kwamba ubatizo uliotolewa nje ya kundi lao ni bure, wakawabatiza upya waliohamia kwao. Kilichoanza kama ugomvi juu ya mtu kikawa fundisho juu ya sakramenti. Agostino aliliona hilo, akasema uzushi ni mfarakano uliokomaa kwa umri. Mwaka 405 Kaisari Honorio akawaweka kisheria katika kundi la wazushi. Hoja ya Agostino ina uzito, nami naikubali kwa habari ya ubatizo wa pili. Lakini kosa hilo la baadaye halibadilishi aina ya kosa la mwanzo.

Kaisari Juliano naye huchanganywa na wazushi, kwa kuwa alilelewa chini ya uangalizi wa Kaisari Konstansio aliyewapendelea Waario. Yeye hakubishana juu ya Mwana wa Mungu. Alipotawala, kati ya 361 na 363, alirudi wazi kwa miungu ya kale, na huko ndiko kukana imani. Ndiye pia aliyewaruhusu Wadonatisti waliofukuzwa warudi na kudai makanisa yao. Wapinzani wao waliwasuta kwa msaada huo, lakini kupokea ruhusa kwa aliyekana imani si kuikana imani.

Tofauti hizi zilionekana wazi mwaka 411, maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili walipokutana Karthago mbele ya Marselino, mjumbe wa Kaisari. Maaskofu Wakatoliki walikuwa wameahidi kwamba Wadonatisti wakirudi, maaskofu wao wangebaki na heshima ya uaskofu, na hakuna ambaye angebatizwa tena. Hivyo ndivyo anavyopokewa ndugu aliyefarakana. Marselino aliamua dhidi ya Wadonatisti, na mwaka uliofuata sheria ikawatoza faini nzito kwa kadiri ya vyeo vyao, huku kanisani ubatizo wao ukiendelea kuhesabiwa kuwa ubatizo wa kweli.