Nani Anamwona Mama Jumanne?

Mzazi wa Kichaga akipigiwa simu na mwanawe aliye mbali hujibu jambo moja tu: hapa ni salama. Atalijibu akiwa na homa, atalijibu siku aliyoteleza kwenye tope la kihamba akachubuka goti, na atalijibu hata kama tangu jana hajawasha moto jikoni. Hasemi uongo. Anakulinda wewe, kwa sababu anajua uko Dar es Salaam au Maskati, una kazi, na ukisikia vingine hutalala. Ndiyo maana naamini kwamba simu, hata ikipigwa kila jioni, si njia ya kujua hali ya mzee anayeishi peke yake. Hali yake inajulikana kwa kuonwa.

Mama yangu ana miaka sabini na minane. Ni mjane, anaishi kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ana migomba, ana kahawa kidogo na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye mama hataki kuachana naye. Sisi watoto tuko wanne: wawili Dar es Salaam, mmoja Mwanza, na mdogo wetu wa kiume yuko Oman. Kwa mila yetu nyumba ya wazazi humwangukia kitindamimba, naye ndiye aliyetarajiwa kukaa karibu na mama. Lakini maisha yamempeleka mbali kuliko sote. Nyumba nyingi za upande wetu ziko hivyo: Desemba zinajaa magari, Januari zinabaki na mzee na kuku.

Fedha tulikuwa tunatuma. Fedha kwa njia ya simu zimewarahisishia watoto wengi kutimiza wajibu, na sizibezi hata kidogo, maana zinanunua dawa, sukari na pumba za ng'ombe. Ila fedha haziingii jikoni kutazama kama chungu kimetumika. Tulichokosa ni mtu wa kuingia ndani ya nyumba kwa siku zinazojulikana, aangalie mambo machache yaleyale, kisha atuambie alichokiona.

Wenzetu wa nchi zenye wazee wengi wameifanya kazi hiyo kuwa huduma ya kulipiwa. Mwaka 2017 shirika la posta la Ufaransa lilianza kuwauzia watoto ziara za wabeba barua: anayepita na barua anabisha hodi kwa mzee, wanaongea kidogo, kisha mtoto anapata taarifa. Posta ya Japani nayo ina huduma ya namna hiyo. Mfanyakazi wake hukaa na mzee kama nusu saa mara moja kwa mwezi. Kilichonivutia ni kwamba hawakuanzisha kikosi kipya cha watu. Walimtumia mtu ambaye tayari anapita mlangoni.

Kwetu mbeba barua hayupo, lakini wapo wanaopita. Kila asubuhi mama mmoja hukusanya maziwa kwenye kona ya barabara yetu, na mama yangu humpelekea ya kwake kabla ya saa mbili. Tulimwomba jambo moja: asubuhi ambayo maziwa hayajafika, atume mtoto nyumbani, na akikuta kuna tatizo atupigie. Huyo ni jicho la kila siku, na hataki malipo, isipokuwa kumkumbuka sikukuu. Jicho la pili tunalilipia. Ni mama wa makamo wa kijijini ambaye amewahi kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huja Jumanne na Ijumaa, anakaa saa moja. Tunamlipa shilingi 5,000 kwa kila ziara, ambazo kwa mwezi ni kama 40,000, yaani 10,000 kwa kila mtoto.

Mama alipinga. "Mimi siyo mgonjwa, na watu wataniona nimetupwa." Sikubishana naye. Nilimwambia, "Mama, huyu haji kukuuguza. Anakuja kutusaidia sisi, maana sisi ndio tusiolala." Hilo alilielewa.

Mtembeleaji huyu tunayemlipa anafanya mambo manne. Anapima presha, anahesabu vidonge, anatazama jikoni, na mara moja kwa mwezi anatazama mama anavyotembea. Hapo ndipo huduma hii inapotofautiana na jirani mwema anayechungulia, kwa hiyo nitaeleza zaidi.

Presha hupimwa vibaya mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mzee anakaribisha mgeni, anainuka kutafuta kiti, anapiga soga, mkanda unafungwa juu ya sweta, na namba inatoka kubwa isivyo kweli. Utaratibu sahihi ni huu: aende haja ndogo kwanza, asiwe amekunywa kahawa ndani ya nusu saa iliyopita, aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini bila kupishanishwa, mkono uko wazi na umelala mezani usawa wa moyo. Kisha apimwe mara mbili kwa kupisha dakika moja, na namba zote ziandikwe daftarini pamoja na saa. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba, kwa hiyo mashine inunuliwe ikiwa na mkanda unaomtosha mwenyewe, wa kufunga mkono wa juu. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 na kuendelea huhesabiwa kuwa juu, ingawa kiwango cha kumfikisha mzee fulani anakiamua daktari wake.

Sasa nieleze kilichotokea. Mwezi mmoja mama alipewa kliniki vidonge thelathini vya amlodipini na thelathini vya hidroklorothiazaidi, kile kinachoongeza mkojo, kimoja kimoja kila asubuhi. Alianza tarehe mosi. Tarehe 14, ambayo ilikuwa Ijumaa, daftari lilionyesha presha 162 kwa 88, na ile ya Jumanne ilikuwa karibu na hiyo. Kwenye simu mama alikuwa amesema anameza dawa zote. Mtembeleaji akahesabu. Siku kumi na nne zimepita, vinapaswa kubaki kumi na sita. Amlodipini zilikuwa kumi na sita. Vile vya mkojo vilikuwa ishirini na moja.

Vidonge vitano havikumezwa. Mtembeleaji hakumkaripia. Alimuuliza tu, "Mama, hivi vyeupe vinakusumbua nini?" Mama akacheka kidogo, akasema ukweli ambao asingeusema kwangu kamwe. Kanisani ni mwendo mrefu, choo kiko chini bondeni, na ukimeza kile kidonge asubuhi hukai ibada nzima. Kwa hiyo Jumapili mbili hakumeza. Asubuhi mbili za jumuiya hakumeza. Na siku moja ya msiba hakumeza, maana ni aibu kwa mzee kuinuka kila mara mbele ya waombolezaji.

Fikiria ingekuwaje bila hesabu ile. Mama angefika kliniki na 162, angeulizwa kama anameza dawa, angejibu ndiyo, na daktari kwa haki kabisa angeweza kumwongezea dawa ya tatu. Kisha siku ambazo hana safari angemeza zote, presha ingeshuka kupita kiasi, na angeanguka uani wakati wa kuinuka. Nyonga ya mzee ikivunjika, familia inaingia katika ukurasa mwingine kabisa wa maisha. Badala yake alikwenda kliniki na daftari na hesabu mkononi. Muuguzi alimsikiliza, akazungumza na daktari, nao wakamruhusu siku za ibada na jumuiya ameze kile cha mkojo akisharudi nyumbani mchana, mradi asiache na asicheleweshe hadi usiku. Baada ya wiki tatu vipimo vilikuwa vinacheza kwenye 138 kwa 80.

Mtembeleaji hakubadilisha dawa, na hana ruhusa ya kubadilisha. Mpaka huo tuliuweka mwanzoni kabisa, kwa maandishi: anapima, anahesabu, anatazama, anasema. Kuna mambo machache yanayomfanya apige simu papo hapo: namba ya juu kufika 180 au ya chini kufika 120, hasa mama akiwa na maumivu ya kifua au maumivu makali ya kichwa; mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kuchanganyika. Hapo hasubiri majibu ya mtoto yeyote. Dereva wa bajaji tumeshaongea naye, na fedha ya safari iko kwa mtembeleaji kwenye bahasha iliyofungwa.

Jikoni anatazama majivu na masufuria. Wazee wanaoishi peke yao huacha kupika taratibu. Chai na ndizi ya kuchoma vinakuwa chakula cha siku, na unene wa mkono unapungua kabla mtu hajaona. Kwa mwendo kuna kipimo rahisi ambacho madaktari hukitumia: mzee ainuke kwenye kiti, atembee mita tatu, ageuke, arudi, aketi. Zikifika sekunde kumi na mbili au zaidi, hatari ya kuanguka ipo. Machi mama alitumia kumi na moja, Juni akatumia kumi na tano. Hakuwa amelalamika popote. Tuliweka reli ya bomba kwenye njia ya chooni, na kandambili zake zilizokwisha tukabadilisha na viatu vinavyofunga kisigino.

Mambo mawili huharibu mpango wa namna hii. La kwanza ni malipo kupitia kwa mzee. Tusipitishe fedha ya mtembeleaji mikononi mwa mama, kwa sababu wataanza kukopeshana, na atakayeona aibu atanyamaza. Inatoka kwa mtoto mmoja, tarehe ileile kila mwezi, na namba ya siri ya simu ya mama haijulikani na mtembeleaji. La pili ni taarifa kugeuka nayo kuwa "salama". Tulipoliona hilo tulibadilisha maswali: hatuulizi mama anaendeleaje, tunaomba picha ya ukurasa wa daftari na picha ya vidonge vilivyobaki.

Mpango huu una mwisho wake, na afadhali ndugu wauzungumze mapema. Saa mbili kwa wiki zinamtosha mzee ambaye akili yake iko sawa. Akianza kusahau chungu motoni, kumeza dawa mara mbili kwa sababu hakumbuki, au kupotea njia ya kanisani aliyoipita miaka hamsini, anahitaji mtu wa kulala naye nyumba moja, na hapo 10,000 za kila mtoto hazitoshi. Sisi tumeanza kuweka akiba kwa ajili hiyo, na mwezi wa Desemba, tukiwa wote nyumbani, tutamuuliza mama mwenyewe angependa nani alale chumba cha mbele.