Je, Tendo la Kichwani ni Tendo?

Chini ya kilima cha Old Kampala, kwenye steji ya bodaboda, niliwahi kumpiga mtu ngumi bila kuamua kumpiga. Wiki sita kabla ya siku hiyo, mtu huyo alinizaba kofi mbele ya watu kwa deni la shilingi 20,000 ambalo halikuwa langu. Sikumjibu. Lakini kila usiku nilipozima taa nilimjibu nikiwa nimelala chali: mguu wa kushoto mbele, nyonga inageuka, bega linafuata, ngumi inatua. Nilipokosea nilianza upya. Siku tuliyokutana tena aliinua mkono. Baadaye niliambiwa kwamba alikuwa akinisalimia, lakini ngumi yangu ilikuwa imekwisha kutoka, na mdomo wake ulikuwa unavuja damu.

Wazee wa steji walitukalisha. Nilijitetea kwa neno moja: sikukusudia. Mzee mmoja alinitazama akasema, "Kijana wangu, ngumi hiyo haikuzaliwa leo. Umeilea." Insha hii ni jaribio la kumjibu mzee yule. Swali lake naliweka hivi: mtu anayezoeza tendo kichwani mwake, ametenda jambo, au amewaza tu?

Wengi wetu tungejibu upesi kwamba amewaza tu. Jibu hilo linategemea imani kwamba wazo na mwili ni vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Basi kwanza tuutazame ukuta huo.

Juu ya kilima hichohicho upo Msikiti wa Taifa wa Uganda, uliojengwa kwa fedha za Libya, na mnara wake una ngazi 304 ambazo wageni huruhusiwa kuzipanda. Mwenzangu wa darasani alinipa kazi: nikae kitini, nifumbe macho, niupande mnara huo kichwani, naye atashika saa. Nilifika juu kwa dakika moja na nusu, nikajisifu. Tulipokwenda kuupanda kweli ilinichukua karibu dakika saba, na nilisimama mara mbili kutafuta pumzi. Ndipo nikaelewa kosa langu. Kitini sikuwa nimepanda. Nilikuwa nimetazama picha za mnara, mlangoni, katikati, kisha kileleni. Niliporudia jioni ile, nilijilazimisha kuhisi kila goti likikunja na kila unyayo ukikanyaga, nikihesabu. Safari hii ilichukua zaidi ya dakika sita. Mwenzangu akaniambia nirudie nikiwa na jerikeni la maji la lita 20 mkononi. Sikumaliza. Nilipofika kama nusu ya mnara nilikuwa nimekwisha pitisha dakika tano, na nilichoka kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Mchezo wetu ulifuata njia ambayo wataalamu waliipita zamani. Mwaka 1989, Jean Decety, Marc Jeannerod na Claude Prablanc wa Ufaransa waliwataka watu watembee hadi alama zilizowekwa mbele yao, kisha watembee kichwani hadi alama zilezile. Muda wa kichwani ulilingana na muda wa miguu. Walipotakiwa kujiona wamebeba mzigo wa kilo 25, muda wa kichwani uliongezeka. Katika jaribio la baadaye, watu waliokaa tu wakiwaza kwamba wanatembea kwa kasi, mapigo ya moyo na pumzi zao viliongezeka, ingawa misuli haikuwa ikifanya kazi. Na wagonjwa wa Parkinson, ambao ugonjwa huupunguzia kasi mkono wa upande mmoja, huwa wazito upande huohuo hata wanapouwaza mkono ukicheza. Kama wazo lingekuwa huru na mwili, lingewezaje kurithi ugonjwa wa mkono?

Maelezo yake ni haya. Kila mwendo wa hiari huandaliwa ubongoni kabla haujafanyika. Kuna sehemu zinazopanga mfuatano wake, sehemu zinazokadiria mahali ulipo mkono, na ubongo mdogo ulio kisogoni ambao hupima wakati. Mtu anapouwaza mwendo kwa kuuhisi kutoka ndani, sehemu nyingi kati ya hizo huamka kana kwamba anautenda. Kinachokosekana ni ruhusa ya mwisho: amri huzuiliwa isishuke yote kwenye misuli. Lakini njia ya kwendea misuli huwa imepashwa moto. Watafiti wakigusa ubongo kwa pigo la sumaku juu ya fuvu wakati mtu anawaza kukunja kidole, msuli wa kidole kilekile huruka kwa nguvu zaidi kuliko mtu huyo anapotulia bila kuwaza kitu.

Njia iliyopashwa moto mara nyingi hubaki na alama. Mwaka 1995, Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha jaribio la watu wasiojua kupiga piano. Walifundishwa zoezi fupi la vidole vitano. Kundi la kwanza lilifanya zoezi hilo kwa mkono saa mbili kila siku kwa siku tano. Kundi la pili lilikaa mbele ya piano kwa muda uleule, likiwaza vidole vikipiga, bila kuvichezesha. Siku ya tano kundi la pili lilikuwa limefikia kiwango ambacho kundi la kwanza lilifikia siku ya tatu. Eneo la ubongo linaloviongoza vidole lilikuwa limepanuka kwa makundi yote mawili. Kisha walioishi kwa kuwaza walipewa saa mbili tu za kupiga kweli, wakawafikia wenzao.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana ni rahisi kulivuta jaribio hili mbali kuliko linavyokwenda. Kuwaza hakukushinda kutenda; kulibaki nyuma hadi vidole vilipogusa piano. Watu hao pia walikuwa wameonyeshwa zoezi kwanza, kwa kuwa mtu hawezi kuzoeza kichwani mwendo asioujua kabisa. Tena kichwani hakuna wa kukusahihisha: piano hutoa sauti mbaya ukikosea, lakini wazo halitoi sauti, na mtu anaweza kulizoeza kosa mpaka likawa hodari. Watu waliotakiwa kuwaza mpira wa gofu ukikosa shimo kidogo tu, katika utafiti wa mwaka 1985, walicheza vibaya zaidi baadaye. Saa ya mwenzangu ilinifundisha jinsi ya kujua: muda wa kichwani ukiwa mfupi mno kuliko muda wa kweli, mtu hajauzoeza mwendo, ametazama sinema.

Sasa nirudi kwenye ngumi. Mimi sikutazama sinema. Kila usiku niliuhisi mguu, nyonga na bega, kwa mwendo wa kweli, nikirekebisha. Kwa maneno ya maabara, nilifanya mazoezi. Ukuta niliodhani ulikuwa kati ya wazo na mwili ulikuwa pazia.

Lakini rafiki yangu anayesoma sheria alinipinga vizuri. Alisema kwamba bondia huzoeza ngumi ileile mchana kutwa, kwa mikono yake, wala hatumwiti mkosaji. Ustadi si nia. Kuwa na mkono mwepesi hakumfanyi mtu apige. Akaongeza kwamba dini na sheria zote mbili zinaniunga mkono: mahakama haihukumu mawazo, na katika Uislamu, kama tulivyofundishwa wote wawili, ubaya unaopita moyoni hauandikwi mpaka utamkwe au utendwe.

Hoja ya bondia ina nguvu, nami nilikaa nayo siku nyingi. Jibu langu ni kwamba bondia hufunga ngumi yake kwenye kengele, kamba na mwamuzi. Mimi niliifunga kwenye uso. Kila usiku nilianza mazoezi kwa kuuona uso wa mtu yule na mkono wake ukipanda, kisha ngumi ikajibu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mtu akikusudia kwa umbo la "nikiona hiki, nitafanya kile", kukiona hiki huweza kumwamsha afanye kile bila kuamua upya. Ndivyo nilivyojitengeneza. Uso ulikuwa ishara, mkono unaopanda ulikuwa ishara, na salamu yake ikaingia katika mtego niliouandaa kwa ajili ya kofi. Sidai kwamba maabara imethibitisha kisa changu; maabara ilipima vidole na hatua, haikupima visasi. Nadai tu kwamba baada ya kuyajua haya siwezi tena kusema ngumi ile ilitoka mahali pasipo mtu.

Hoja ya dini na sheria naikubali, ila nadhani inazungumzia jambo jingine. Wazo linalopita ni mgeni ambaye hukumwita. Linakuja, linaondoka, na kumhukumu mtu kwa ajili yake ni kumhukumu kwa kuwa na kichwa. Lakini kuzoeza hakupiti. Kuna mwanzo ninaouchagua, kuna kurudia, kuna kusahihisha, na kuna alama inayobaki mwilini baadaye. Hizo nne ndizo tunazozitafuta tunapotaka kujua kama mtu ametenda. Mwanafunzi wa piano aliyekaa kimya siku tano hatumwambii kwamba hakufanya kitu; tunamwambia amejifunza. Tukimpa yeye sifa ya kazi ile, kwa haki gani mimi nitakataa lawama ya kazi yangu?

Kwa hiyo jibu langu lina sehemu mbili. Usiku ule wote sikumpiga mtu, na mwenye kusema kwamba nilikuwa mpigaji tangu kitandani anazidisha; hadi dakika ya mwisho ningeweza kupita njia nyingine, na mdomo wa mtu yule ulikuwa mzima. Lakini nilitenda jambo dogo zaidi na la kweli: niliuandaa mkono. Lawama ya ngumi naibeba kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya sekunde ile ambayo kweli sikuamua kitu.

Nilimlipia mtu yule dawa, nikaenda kumwomba radhi. Njiani niligundua kwamba sikujua nitasimamaje mbele yake, mikono niiweke wapi, macho niyaelekeze wapi. Ngumi nilikuwa nimeizoeza wiki sita. Kuomba radhi sikuwahi kukuzoeza hata usiku mmoja. Nilisimama vibaya, nikasema vibaya, naye akanielewa. Mzee wa steji alikuwapo. Nilimwambia kwamba nimekubali: niliilea. Akaniuliza kama bado naipa chakula. Nikamjibu kwamba usiku uso ule bado huja wenyewe, na hilo siwezi kulizuia, lakini mguu wa kushoto siutangulizi tena.