Nenda Kampi ya Samaki

Mdogo wangu,

Uliniuliza hapa kazini utapumzikia wapi likizo hii, mahali penye ziwa pasipo na kelele. Naivasha imejaa watu wa wikendi. Nenda Baringo, ukae Kampi ya Samaki, kama kilomita 120 kaskazini ya Nakuru. Nakusihi jambo moja: fuata saa za ziwa. Asubuhi maji hutulia, adhuhuri jua ni kali mno, na jioni upepo huweza kuamka. Panga siku zako hivyo.

Siku ya kwanza ni ya safari. Ukiwa Nakuru, panda matatu ya Marigat mapema. Mogotio utavuka ikweta. Kutoka Marigat utafute gari lingine hadi Kampi ya Samaki. Kabla ya kulipia chumba, piga simu uulize maji yamefika wapi. Ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010, likameza hoteli, nyumba na barabara, kwa hiyo ramani ya zamani itakudanganya. Giza likiingia usiende ufukweni: viboko hutoka majini kula majani, na mtu akisimama kati yao na ziwa huwa hatarini.

Siku ya pili, kuwa botini jua linapochomoza. Mkubaliane bei na muda na nahodha kabla ya kuondoka, kisha uvae jaketi la kuokolea. Mwombe akupeleke kwa furukombe. Atapiga mbinja na kurusha samaki. Ndege atashuka kutoka mtini, achote samaki kwa kucha, bila kulowesha mwili. Pitieni kisiwa cha Ol Kokwe, chenye chemchemi za moto. Huenda ukamwona mvuvi wa Ilchamus ndani ya kihori chake cha miti myepesi, amekaa karibu usawa wa maji. Usiogelee: mamba wapo. Mchana lala kivulini, kisha ule samaki.

Siku ya tatu, rudi Marigat ushike njia ya Loboi hadi Ziwa Bogoria. Maji yake ni ya magadi, na heroe hupenda mwani unaoota humo. Wakati mwingine wamejaa, wakati mwingine wamehamia ziwa jingine, kwa hiyo uliza langoni. Pale Loburu, kando ya ziwa hilo, maji huchemka kutoka ardhini na watu huchemshia mayai. Kaa kwenye njia iliyokanyagwa, kwani ukoko wa ardhi pembeni ya chemchemi huweza kuwa mwembamba, na maji ya chini yanaunguza vibaya.

Siku ya nne nunua asali Marigat, urudi nyumbani.

Ukitamani kuzurura mbali na njia hizi, waulize wenyeji kwanza kuhusu usalama. Wakikuambia usiende, mdogo wangu, usiende.

Wako,
Kaka yako wa kazini