Bahasha za Kulia

Kabla ya kuanza shahada ya uzamili nilipata kibarua cha wiki tatu katika ofisi moja jijini Dar es Salaam. Ilitangazwa nafasi moja ya mtunza stoo, na maombi yakazidi mia mbili. Bosi alinielekeza akiwa amesimama mlangoni: "Mdogo wangu, wenye digrii weka kushoto. Wasio nayo weka kulia, hao hatuwasomi."

Bahasha moja ya kulia niliisoma. Mwombaji aliishia kidato cha nne, na kwa miaka sita alikuwa ametunza ghala la vifaa vya ujenzi. Aliambatisha nakala za leja yake: kilichoingia, kilichotoka, salio, kila ukurasa umefungwa kwa mstari. Mimi na digrii yangu ya uchumi sikuwahi kushika leja ya stoo. Nikairudisha kulia.

Darasani nilikuja kukutana na jina la nilichokifanya. Gary Becker, katika kitabu chake cha 1964, aliitazama elimu kama mtaji: unasoma, unapata ujuzi, unazalisha zaidi, unalipwa zaidi. Mwaka 1973 Michael Spence akauliza swali la kuudhi. Je, kama shule haikuongezei chochote, mwajiri bado angekulipa zaidi kwa kuisoma? Akaonyesha kwamba inawezekana.

Chukua mfano wa aina yake, kwa tarakimu zangu. Nusu ya wafanyakazi huzalisha shilingi milioni 1, nusu nyingine milioni 2, na mwajiri hawezi kuwatofautisha kwa macho. Asipokuwa na cheti cha kutazama, atamlipa kila mtu wastani, milioni 1.5. Sasa aamini kwamba mwenye miaka mitatu ya chuo ndiye hodari. Kwa hodari, kila mwaka wa chuo unagharimu laki 2.5 za pesa na jasho. Kwa mwenzake, anayesoma kwa taabu, laki 5. Huyu wa pili akienda chuo atatumia milioni 1.5 ili aongezewe milioni 1, kwa hiyo habanduki nyumbani. Hodari atatumia laki 7.5 kupata nyongeza hiyo hiyo, kwa hiyo anakwenda. Mwajiri anaona imani yake imethibitika, ingawa chuo hakikumfundisha mtu kitu.

Kilichonisumbua ni hesabu ya mwisho. Asiyesoma ameshuka kutoka milioni 1.5 hadi milioni 1. Hodari, ukitoa gharama, amebaki na milioni 1.25. Hata aliyeshinda ana pungufu ya alichokuwa nacho kabla ya vyeti. Lakini akiacha kusoma peke yake, atalipwa milioni 1. Ndiyo maana haachi.

Huo ni mfano wa karatasini. Ushahidi mmoja ulitoka Marekani, ambako walioacha sekondari wanaweza kufanya mtihani wa GED na kupata cheti mbadala. Zamani kila jimbo lilijiwekea alama zake za kufaulu, hivyo vijana wawili wenye alama sawa, mmoja alipata cheti na mwingine akakosa kwa sababu ya mahali alipofanyia mtihani. Mwaka 2000 Tyler, Murnane na Willett walichapisha matokeo yao: miaka mitano baadaye, kwa vijana wazungu waliokuwa kwenye ukingo huo, cheti kiliambatana na kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 10 hadi 19. Kwa wasio wazungu hawakuona faida ya kuaminika.

Matokeo hayo yasibebeshwe mzigo yasioweza kuubeba. GED ni mtihani, si miaka ya darasani; hayasemi kwamba shule haifundishi. Daktari na fundi umeme wamejifunza kitu, na nisingependa kutibiwa na mtu mwenye ishara tu. Yanachosema ni kwamba karatasi ina nguvu yake yenyewe, mbali na kilichomo kichwani, na kwamba nguvu hiyo haimfikii kila anayeishika.

Nimejaribu kumlaumu bosi nikashindwa. Alikuwa na siku mbili na bahasha mia mbili. Digrii ilikuwa chekecheo rahisi kwake kwa sababu gharama yake ililipwa na wengine: wazazi wetu, mikopo yetu, miaka yetu. Na bado, ile leja nayo ilikuwa ishara, tena ya kazi ile ile iliyotangazwa. Kuisoma kulinichukua dakika tano. Hapo hatukuwa tena watu wasioweza kujua. Tulikuwa tumepewa taarifa, nasi tukachagua kutoitumia.

Mwakani nitamaliza uzamili, na bahasha yangu itawekwa kushoto. Sehemu ya mshahara nitakaopewa itakuwa ya ninachokijua. Sehemu nyingine itakuwa ya kutokuwa kulia. Siwezi kuzitenganisha, na yule mtu wa leja sikunakili hata namba yake ya simu.