Huruma, Haki na Pikipiki ya Kukodi

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, zamani baiskeli zilipokuwa zikivusha watu baina ya Uganda na Kenya. Leo ni pikipiki, na aghalabu aiendeshaye siye mwenyewe. Hupewa na tajiri wake kila asubuhi, na jioni humpelekea kiasi walichopatana, kiitwacho hesabu. Kizidicho hapo ni chake. Swali langu ni hili: mwendeshaji anapokosa kuleta hesabu mara kwa mara, je, kumnyang'anya pikipiki ni dhuluma kwa maskini, au ni haki?

Nichukue mfano wa mwalimu mstaafu, jirani yangu hapa Busia upande wa Uganda. Alinunua pikipiki kwa mkopo wa chama cha akiba, akampa kijana wa mtaani. Walipatana kwa mdomo shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa juma, Jumapili ikiwa ya kijana. Petroli na oili ni juu ya kijana. Matairi, mnyororo na bima ni juu ya mwalimu. Baada ya majuma 4 zilipaswa kuwa zimeletwa 240,000. Zililetwa 150,000. Zilikosekana siku 9, yaani 90,000.

Watu wengi wangeishia hapo na kusema kijana ni mwizi. La hasha! Yafaa kwanza kila siku ihojiwe peke yake. Siku 2 pikipiki ilikuwa kwa fundi ikibadilishwa mnyororo. Siku 1 ilizuiliwa na polisi kwa kuwa bima ilikuwa imekwisha. Siku hizo 3 si deni, maana kilichokosekana kilikuwa wajibu wa mwenye mali. Siku 1 mvua ilinyesha kutwa. Hiyo ni deni, kwa sababu siku ya soko, abiria wanapojaa, faida yote huwa ya kijana. Basi na hasara ya mvua aibebe, ingawa ni uungwana kumngojea. Zilibaki siku 5. Kijana alisema alikuwa mgonjwa, lakini mita ya pikipiki ilionyesha imekwenda zaidi ya kilomita 400 katika siku hizo, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Hapo ndipo imani ilipovunjika. Mwenye shida huja mapema akasema, hata kama mkono wake ni mtupu. Aliyekusudia kudhulumu hujificha. Kwa hiyo kosa kubwa halikuwa katika fedha, bali katika ukimya na uongo.

Wako watakaosema mwalimu angestahimili tu. Lakini huruma hutolewa katika kilicho chako. Mwalimu alikuwa akilipa mkopo wake kwa karo ya mjukuu wake. Huruma ile ilikuwa ikilipiwa na mtoto asiyeulizwa. Tena, kuchelewa si kumhurumia kijana. Kila siku ipitayo huongeza 10,000 shingoni mwake, hata afike mahali ambapo kukimbia na pikipiki kuonekane ni rahisi kuliko kulipa.

Basi kuachana kulikuwa haki. Lakini haki ina namna yake. Mwalimu hakutuma vijana wamvizie njiani akiwa na abiria. Alimwita mbele ya mwenyekiti wa steji na mwenyekiti wa mtaa, akampa siku 2 za notisi. Walipokutana, pikipiki ilikaguliwa: breki, taa, matairi, kiwango cha oili. Zikarudishwa ufunguo, helmeti na kadi ya pikipiki. Kisha kijana akaulizwa, "Na wewe, mwanangu, unadai nini?" Akajibu, "Mzee, tyubu ya nyuma niliinunua mimi, 15,000." Risiti ilikuwapo. Deni la siku 6 lilikuwa 60,000. Likatolewa 15,000, likabaki 45,000, nusu ya lile lililopigiwa kelele mwanzoni. Kama asingeulizwa, dhuluma ingekuwa imehamia upande wa pili.

Mtu mmoja pale alishauri leseni ya kijana ishikwe hadi alipe. Mwalimu alikataa, nami naona alifanya sawa. Deni ni la mdai, lakini mkono wa kulipia ni wa mdaiwa. Ukiufunga mkono huo, umelizuia deni lako mwenyewe. Vilevile, alipoulizwa na tajiri mwingine habari za kijana huyo, alisema yale aliyoyajua tu: kwamba anaendesha vizuri, na kwamba alificha siku 5.

Hadi sasa kijana ameleta 20,000. Zimebaki 25,000, zimeandikwa katika karatasi yenye sahihi nne. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Naam, lakini kabla ya dawa, ugonjwa wenyewe upimwe, na upimwe mbele ya mgonjwa.