Kiazi Kibichi na Kiazi Kilichochemshwa

Nilipokuwa kidato cha tatu Bariadi, daftari langu la baiolojia lilikuwa na muhtasari wa osmosisi: maji hutoka kwenye myeyuko hafifu kwenda kwenye myeyuko mzito, kupitia utando unaochagua cha kupitisha. Niliuandika kwa Kiingereza, nikaukariri, nikapata alama. Jioni moja mdogo wangu wa darasa la sita, anayesoma kwa Kiswahili, aliniuliza ninakariri nini.

Nikamwonyesha michembe iliyolowekwa ndani ya sufuria. "Unaona ilivyovimba? Maji yameingia. Ndiyo osmosisi."

"Kwani kitambaa kikilowa nacho ni osmosisi?"

Nikanyamaza. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani hadi vikakakamaa, na zile tando hai zilizokuwa zikizuia hiki na kupitisha kile zimekufa. Inanyonya maji kama kitambaa. Mfano wangu ulikuwa rahisi, wa nyumbani kabisa, na wa uongo. Tunapoambiwa tueleze jambo kwa maneno mepesi ili tujipime, hapa ndipo tunapoteleza. Wepesi wa maneno haupimi kitu, maana hata ujinga unaweza kusemwa kwa lugha nyepesi.

Nikajaribu tena: sukari huyavuta maji.

"Ina mikono? Maji yanajuaje sukari iko wapi?"

Hayajui. Chembe za maji huhangaika ovyo, zikipita kwenye utando huku na huku. Upande wenye sukari nyingi, sukari isiyoweza kupita hupunguza uwezekano wa maji kutoroka, kwa hiyo chembe za maji zinazotoka huko ni chache kuliko zinazoingia. Kinachobaki ni tofauti ya hesabu tu. Neno "kwenda" katika muhtasari wangu lilikuwa limenifichia safari za kurudi, na nadhani kila muhtasari una neno moja la namna hiyo, linalotupa raha ya kudhani tumefika.

Basi nikaelewa kwamba mtihani wenyewe ni kutabiri. Anayeelewa anaweza kusema kitakachotokea jambo moja likibadilishwa, na mwenye kukariri hurudia sentensi yake. Mdogo wangu hakuhitaji tafsiri. Alihitaji jibu la "je, tukikichemsha kiazi?"

Tulichukua viazi vitamu viwili, kimoja kibichi na kingine kilichochemshwa. Tukamenya upande wa chini, tukachimba tundu juu, tukamimina maji mazito ya sukari na kuchomeka pini usawa wa maji hayo, kisha tukavisimamisha kwenye sahani ya maji matupu. Kabla ya kulala nilimwambia: maji ya kibichi yatapanda, ya kilichochemshwa hayatapanda, kwa sababu moto umeharibu utando.

Asubuhi maji ya kiazi kibichi yalikuwa yameifunika pini. Ya kile kilichochemshwa hayakuwa yamepanda.